Nimechelewa Kukujibu, na Jibu Ni Hili

Karibu kila mwenye simu anao ujumbe mmoja wa namna hii: aliusoma, akauelewa, akasema atajibu jioni, na jioni hiyo haijafika mpaka leo. Mara nyingi uvivu haukuwepo. Swali lilihitaji kitu kimoja ambacho hakikuwa mkononi wakati ule, labda bei, nakala ya cheti, ruhusa ya mkuu wa kazi au hesabu ya kupiga. Baada ya siku chache kitu hicho kinapatikana, lakini sasa kimeingia kizuizi kingine, nacho ni aibu. Mtu anaona kwamba baada ya wiki mbili hawezi kujibu hivi hivi, lazima aeleze alikuwa wapi. Baada ya miezi miwili, maelezo ambayo yangetosha kwa wiki mbili nayo anayaona madogo. Jibu linazidi kuwa zito kichwani mwake, na kadiri linavyozidi uzito ndivyo anavyozidi kuliahirisha.

Waandishi wazoefu wa barua za kazi wana njia fupi ya kutoka hapo: salamu, sentensi moja ya kukiri na kuomba radhi, kisha jibu lenyewe, palepale, bila kupumzika. Kuitaja ni rahisi kuliko kuifuata, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba aliyekosea anapaswa kujieleza, na kwamba anayejieleza kwa kirefu ndiye anayejali. Katika kuchelewa kujibu, urefu wa maelezo hufanya kazi kinyume na tunavyodhani.

Udhuru unampa kazi aliyekosewa

Tuanze na upande wa mpokeaji. Mwenzako aliuliza jambo, akasubiri, akakata tamaa au akatafuta njia nyingine. Leo simu inalia, na mistari miwili ya kwanza inayoonekana juu ya kioo kabla hajafungua ujumbe inasema ulikuwa na safari, kisha mtoto akaugua, kisha simu ikaharibika. Kwa adabu zetu hawezi kuyaruka hayo. Ukitaja ugonjwa, lazima akupe pole na aulize mtoto anaendeleaje. Ukitaja msiba, lazima atoe rambirambi kabla ya kugusa jambo lake, hata kama jambo hilo lina haraka. Yeye ndiye aliyekosewa, lakini sasa ndiye anayekutuliza wewe, na swali lake limerudi nyuma ya foleni kwa mara ya pili.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alieleza kwamba kuomba radhi huwa hakukamiliki kwa upande mmoja. Ni mabadilishano: mmoja anatoa neno la kurekebisha mambo, na mwingine anatarajiwa kuonyesha kwamba neno hilo limepokelewa. Tukilitazama suala letu kwa jicho hilo, kila sababu unayoiongeza ni kitu kingine ambacho mwenzako anatakiwa kukipokea, kukipima na kukijibu. Sentensi moja humalizwa kwa "hamna shida" moja. Sentensi saba humdai kikao kizima.

Kuna tatizo la pili, nalo ni kwamba udhuru hukaguliwa. Anayesema hakuuona ujumbe anasahau kwamba tiki mbili za bluu zilishamwonyesha mwenzake siku ulipofunguliwa. Anayesema mtandao ulikuwa mbaya mwezi mzima alionekana akiweka picha za harusi katikati ya mwezi huo. Hata sababu ya kweli ikipangwa pamoja na nyingine nne huanza kusikika kama ya kubuni, kwa kuwa msomaji anajiuliza ni ipi kati ya hizo tano ndiyo yenyewe.

Utafiti mmoja wa kuomba radhi unaelekea huko huko. Mwaka 2016, Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio mawili yaliyohusisha watu 755. Waliligawa ombi la radhi katika sehemu sita: kueleza majuto, kueleza kilichotokea, kukiri kwamba kosa ni langu, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Kisha wakawauliza watu ombi gani linaridhisha zaidi. Sehemu yenye nguvu kuliko zote ilikuwa kukiri kosa. Iliyofuata ilikuwa kujitolea kurekebisha. Ya mwisho kabisa ilikuwa kuomba kusamehewa, na maelezo ya sababu yaliangukia katikati. Kisa walichotumia kilihusu mhasibu aliyekosea hesabu za kodi za mteja, kwa hiyo hakifanani moja kwa moja na barua iliyochelewa kujibiwa. Hata hivyo kinatusaidia kuona jambo moja: katika ujumbe wa kuchelewa, kukiri kunachukua nusu ya sentensi, na kurekebisha ndilo jibu lenyewe. Vyenye nguvu viwili ndivyo vilivyo vifupi au vyenye manufaa, na vinavyojaza kurasa ndivyo visivyobeba mzigo.

Madawati arobaini

Tuchukue mfano na tuutembee hatua kwa hatua. Tarehe 3 Machi mkuu wa shule ya msingi anamwandikia mama mmoja mwenye karakana ya samani. Anataka bei ya madawati 40 ya wanafunzi wawili wawili, na angependa yawe yamefika kabla ya muhula wa pili kuanza mwezi Julai. Mama anausoma ujumbe siku hiyohiyo. Bei ya mbao imebadilika, anataka kwanza kumuuliza muuzaji wake, na hapo ndipo jambo linapolala. Anakuja kujibu tarehe 28 Aprili, wiki nane baadaye. Rasimu yake ya kwanza iko hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Kwanza kabisa naomba sana sana unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Ukweli ni kwamba ulipoandika nilikuwa safarini Dodoma, niliporudi simu ikaingia maji, halafu mtoto akalazwa, na fundi wangu mkubwa naye akaondoka ghafla, yaani mambo yaliniandama. Kila siku nilikuwa nakukumbuka na nafsi inanisuta. Natumaini hujanichukia mwanao. Kuhusu yale madawati, je, bado unayahitaji? Niambie ili nikupigie hesabu."

Ni ujumbe wa unyenyekevu, na pengine kila neno ndani yake ni la kweli. Lakini mkuu wa shule akimaliza kuusoma, anajua nini ambacho hakukijua jana? Anajua habari za Dodoma, simu, mtoto na fundi. Bei haijui. Tarehe haijui. Maneno "natumaini hujanichukia" yanamtaka akane jambo ambalo pengine hakulifikiria. Na sentensi ya mwisho ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa inamrudishia kazi: baada ya kusubiri wiki nane, sasa anaombwa aulize upya swali lilelile na kusubiri tena.

Mama anaifuta. Kabla ya kuandika nyingine anampigia muuzaji wa mbao, jambo linalomchukua dakika chache, anapiga hesabu, na anatazama kalenda. Kisha anafungua ujumbe wa tarehe 3 Machi na kuujibu palepale ulipo, ili swali la zamani lionekane juu ya jibu lake na Mwalimu asihangaike kukumbuka wanazungumzia nini. Anaandika:

"Shikamoo Mwalimu. Uliniuliza bei ya madawati 40 tangu tarehe 3 Machi na nimekaa kimya hadi leo; nimechelewa mno, naomba uniwie radhi.

Dawati moja la wanafunzi wawili, fremu ya chuma na mbao za paina, ni shilingi 85,000. Yote 40 ni shilingi 3,400,000, pamoja na kuyafikisha shuleni. Kazi inachukua wiki nne tangu nipokee nusu ya malipo. Ukithibitisha kufikia tarehe 16 Mei, yatakuwa shuleni kabla ya tarehe 20 Juni. Bei hii naishikilia hadi hiyo tarehe 16.

Kama mmeshapata fundi mwingine, niandikie tu 'tumepata' nami nitaelewa."

Tuitazame sentensi ya pili, maana ndiyo inayobeba ombi lote la radhi. Ina mambo matatu. Kwanza inataja swali na tarehe yake, ambayo ni njia ya kumwonyesha Mwalimu kwamba ujumbe wake haukupotea na kwamba mwandishi anajua hasa ni muda gani umepita. Pili, mtendaji yumo ndani ya kitenzi: *nimekaa* kimya, *nimechelewa*. Linganisha na lugha ya matangazo, "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza," ambamo usumbufu umejitokeza wenyewe kama mvua. Linganisha pia na "kama nimekukwaza, nisamehe," ambayo inaacha wazi uwezekano kwamba hakuna aliyekwazwa. Tatu, inakoma. Hakuna "tena naomba radhi" chini ya bei, wala "samahani sana kwa usumbufu" mwishoni. Ombi la radhi likirudiwa baada ya jibu, macho ya msomaji yanatolewa kwenye jibu na kurudishwa kwa mwandishi.

Salamu imebaki, na ni sawa ibaki. Ufupi tunaouzungumzia ni wa udhuru, hautakiwi kugusa heshima. Mtu wa kumwamkia unamwamkia, ila shikamoo na jibu viende katika ujumbe mmoja. Wapo wanaotuma "Shikamoo" peke yake na kusubiri "Marahaba" ndipo waendelee, na kwa aliyechelewa wiki nane huo ni ucheleweshaji mwingine.

Tazama pia sentensi ya mwisho. Mama hakuuliza kama madawati bado yanahitajika. Ametoa bei kwa kuchukulia kwamba yanahitajika, kisha akafungua mlango wa kutokea ambao unamgharimu Mwalimu neno moja. Kama Mwalimu ameshanunua kwingine, haoni haya kusema. Kama hajanunua, ana kila anachohitaji kupeleka kwenye kamati ya shule bila kuuliza swali la ziada.

Swali bado lipo?

Hatua ambayo wengi huiruka ni ile aliyoifanya mama kabla ya kuandika: kulikagua swali upya. Jibu lililokuwa sahihi tarehe 4 Machi laweza kuwa limeoza tarehe 28 Aprili. Bei ya mbao imepanda, tarehe ya mwisho ya maombi imepita, mtu mwingine katika kundi ameshajibu, au mwuliza mwenyewe amehama kituo cha kazi. Anayejibu haraka haraka kwa kusukumwa na aibu hutuma jibu la zamani, na sasa ana makosa mawili.

Kwa hiyo soma ujumbe wote tangu mwanzo, pamoja na uliofuata kama upo, kisha jiulize hali ya swali ni ipi kati ya tatu. Kama bado lipo vilevile, lijibu kama lilivyoulizwa. Kama limebadilika, jibu kwa hali ya leo na uitaje tofauti hiyo kwa uwazi: "Bei ya Machi ilikuwa 80,000; ya sasa ni 85,000." Tofauti hiyo ni sehemu ya kukiri, kwa kuwa ndiyo gharama ya kuchelewa kwako, na mwenzako ana haki ya kuiona. Ukiweza kuibeba mwenyewe na kumpa bei ya Machi, hilo litasema zaidi ya mistari kumi ya majuto.

Hali ya tatu ni swali lililokwisha muda wake. Kijana alikuomba barua ya kumdhamini kwa maombi ya chuo, na dirisha la maombi limefungwa. Hapa kishawishi ni kunyamaza moja kwa moja, kwa hoja kwamba jibu halina faida tena. Bado jibu linastahili kwenda, fupi, na lisiombe chochote: "Uliniomba barua ya udhamini kabla ya dirisha kufungwa na sikukujibu, kosa ni langu. Barua nimeiandika na nimeiambatisha, bila tarehe wala jina la chuo, ili uitumie dirisha lijalo au kwingine utakakoomba." Kijana huyu hapewi kazi ya kukusamehe. Anapewa barua. Sehemu iliyopotea haiwezi kurudishwa kwa maneno, na kujaribu kuirudisha kwa maneno ndiko kunakozaa zile kurasa za udhuru.

Sababu inapostahili kutajwa

Haina maana kwamba sababu haitajwi kamwe. Kipimo ni kimoja: je, mwenzako akiijua sababu, atafanya jambo tofauti na ambalo angefanya asipoijua? Kama ndiyo, itaje kwa sentensi moja. Kama hapana, iache.

Ukisema "Anwani uliyotumia siifungui tena, tumia hii," umetoa sababu na mwongozo kwa pamoja. Ukisema "Nimelazwa na nitakuwa hospitali hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kazi itasimamiwa na mdogo wangu," mwenzako anajua amtafute nani. Ukisema "Ofisi ya ardhi ilinirudishia fomu mara mbili," mwenye kiwanja anaelewa kwamba hata yeye akienda mwenyewe atakutana na hali hiyo. Kila moja ya sababu hizi inatazama mbele, inabadilisha hatua inayofuata. Safari ya Dodoma na simu iliyoingia maji zinatazama nyuma tu.

Msiba na ugonjwa mzito vina hukumu yao. Kwa ndugu, jirani au rafiki, kuficha msiba ili jibu liwe fupi kunaweza kuonekana kama kumtenga, na atakapokuja kusikia kwa wengine atauliza kwa nini hukumwambia. Hapo itaje, lakini baada ya jibu, mwishoni, na kwa sentensi tulivu: "Mwezi uliopita tulimpoteza mama mdogo, nitakupigia tuzungumze." Ikikaa mwishoni inakuwa habari kati ya watu wanaojuana. Ikikaa mwanzoni inafanya kazi ya ngao, na msomaji analihisi hilo hata asipolisema.

Kwa upande mwingine, ucheleweshaji mdogo hauhitaji ombi la radhi hata kidogo. Watafiti Laura Giurge na Vanessa Bohns walionyesha mwaka 2021 kwamba wanaopokea barua pepe za kazi zisizo za haraka, hasa nje ya saa za kazi, huamini kwamba aliyeandika anataka jibu mapema kuliko anavyotaka kweli. Kwa maneno mengine, nyingi kati ya "samahani kwa kuchelewa" zinazoandikwa baada ya siku moja zinaomba radhi kwa jambo ambalo mwenzako hakuliona. Mazoea hayo yana hasara: siku utakapochelewa wiki nane kweli, maneno yako ya radhi yatakuwa yameshachakaa.

Kuchelewa kunapomtia mtu hasara

Turudi kwa Mwalimu, tubadilishe jambo moja. Tuseme kamati ya shule ilikaa tarehe 20 Machi kupitisha bajeti, na alihitaji profoma ya mama ili aiweke mezani. Kikao kilipita bila hiyo, madawati yakaondolewa kwenye bajeti. Sasa kuchelewa kumekuwa na uzito mwingine, na ombi la radhi la jumla halitoshi. Watu wengi hapa huongeza majuto. Kinachotakiwa kuongezwa ni kutaja hasara kwa jina lake na kusema utafanya nini kuhusu hasara hiyo.

"Najua kikao cha tarehe 20 Machi kilipita bila profoma yangu, na madawati yakatoka kwenye bajeti. Profoma nimeiambatisha leo kwa bei ya Machi, shilingi 80,000 kwa dawati. Kama kamati inaweza kupitisha 20 kwanza na 20 baadaye, nitakubali malipo kwa awamu hizo mbili."

Ombi la radhi limeongezeka sentensi moja tu, ile inayoanza na "Najua." Mengine yote ni jibu, ila sasa jibu limebeba gharama. Ukipima ujumbe wa kuchelewa, pima kwa madhara, usipime kwa siku. Swali la kirafiki lililokaa mwaka mzima laweza kumalizwa kwa nusu sentensi, na profoma iliyochelewa siku tatu ikaangusha zabuni ya mtu inahitaji zaidi, pengine inahitaji upige simu kwanza kabla ya kuandika. Simu inafaa pale ambapo mwenzako ana haki ya kukasirika na kukwambia, kwa kuwa ujumbe wa maandishi unamnyima nafasi hiyo.

Barua ya ofisi ilishatatua hili

Anayetafuta kielelezo cha ufupi asiende mbali. Barua rasmi ya Kiswahili ina muundo ambao unamlazimisha mwandishi kufika kwenye jambo. Juu kuna kumbukumbu namba, kisha kichwa cha habari kinachoanza na YAH: kwa Tanzania, au KUH: kama wanavyofundishwa wanafunzi wa Kenya, na sentensi ya kwanza hurejea barua inayojibiwa na tarehe yake. Tarehe zote mbili zimo, ya barua ile na ya barua hii, kwa hiyo urefu wa kimya unaonekana bila kuhutubiwa. Mwandishi wa ofisi anaongeza "Tunaomba radhi kwa kuchelewa kukujibu" katika aya hiyo ya kwanza, na aya inayofuata inaanza na uamuzi.

Kasoro ya barua hizo ni ubaridi, na hakuna anayependa kumwandikia shangazi kwa mtindo wa YAH. Mpangilio wake ndio wa kuazima: swali na tarehe yake, radhi, jibu. Katika barua pepe mpangilio huo unasaidiwa na kujibu ndani ya mazungumzo yaleyale badala ya kufungua mapya, kwa kuwa kichwa cha habari na maneno ya mwenzako yanabaki chini kama kumbukumbu.

Jibu likiwa chungu, au likiwa bado halipo

Ugumu mkubwa huja pale jibu lenyewe linapokuwa "hapana." Mara nyingi ndiyo iliyokuwa sababu halisi ya kuchelewa: ndugu aliomba mkopo, rafiki aliomba kazi kwa mwanawe, na wewe hukujua utaanzaje kukataa. Ukichelewa kisha ukatanguliza aya tatu za udhuru, mwombaji anasoma huku matumaini yakipanda, akidhani maelezo yote haya yanaelekea kwenye habari njema. Mwondolee safari hiyo: "Nimechelewa kukujibu kuhusu ule mkopo, naomba radhi. Sitaweza kukukopesha mwaka huu." Kama una njia nyingine ya kumsaidia, iwe halisi na yenye tarehe, iweke baada ya hapo. Kama huna, nyamaza. Kukataa kulikochelewa kunauma, na kukataa kulikochelewa kisha kukazungushwa kunauma mara mbili.

Na kama baada ya muda wote huo jibu bado hulina? Toa sehemu uliyonayo na tarehe ya sehemu iliyobaki: "Bei ya madawati ni hiyo. Ya makabati ya walimu nitakuletea Ijumaa." Hapa chagua tarehe ambayo unaimudu hata ukiugua, hata umeme ukikatika, kwa sababu aliyechelewa mara ya kwanza anaweza kusamehewa kwa sentensi moja, na anayechelewa mara ya pili juu ya ahadi yake mwenyewe hana sentensi iliyobaki.

Rambirambi nazo huchelewa, na wengi wakishaona arobaini imepita huamua kunyamaza kabisa. Wafiwa hupokea pole za mwezi wa nne kwa uzito uleule, pengine zaidi, kwa kuwa nyumba imeshatulia na wageni wameondoka. Kanuni haibadiliki: "Nimechelewa kukupa pole ya baba, naomba radhi," kisha pole yenyewe, na neno moja mahususi unalomkumbuka marehemu kwalo. Hutakiwi kueleza ulisikia lini na kwa nini hukufika mazikoni, isipokuwa ukiulizwa.

Utajuaje kama ulifanikiwa

Soma jibu utakaloletewa. Likija "Pole sana, Mungu akutie nguvu, usijali kabisa," na jambo lenyewe halikuguswa, ujue ujumbe wako ulikuwa unazungumza juu yako. Likija "Tumepokea. Rangi mnazo zipi?" ujue mazungumzo yamerudi kwenye madawati, na wiki nane zimefungwa.

Swali hilo la rangi ndilo mtihani unaofuata. Mkosaji aliyesamehewa hulegea, anaona deni limelipwa, na ujumbe wa pili nao unaanza kulala. Lakini mwenzako sasa anakupima upya, na hatakupima kwa maneno ya radhi uliyomwandikia, anatazama saa. Mama mwenye karakana akijibu siku hiyohiyo, "Bluu, kijivu na nyeusi, bei moja," atakuwa ametoa ile ahadi ya kutorudia bila kuiandika popote.